Dola 100 za kwanza za mchezo wa drafti

AdMob, mtandao wa matangazo ya simu unaomilikiwa na Google, haumlipi mtengenezaji wa programu mpaka salio lake lifike dola 100. Likiwa chini ya hapo, fedha zinaonekana kwenye skrini lakini hazitoki. Kwa mtu wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura anayetaka kutengeneza mchezo mdogo, augawe bure na apate kitu kutokana na matangazo, hizo dola 100 ni mahali pazuri pa kuanzia hesabu. Zinamlazimisha kuuliza swali ambalo wengi wanaliruka: watu wangapi wanatakiwa, na waufungue mchezo mara ngapi, ndipo fedha hizo zitimie?

Tulifuate swali hilo kwa mfano mmoja. Mtengenezaji wetu ni mtu mmoja mwenye kompyuta ya kawaida, na mchezo wake ni drafti kwa simu za Android: ubao wa miraba 64, kete 12 kila upande, unacheza na simu yenyewe au na mwenzako mkiwa mmeishika simu moja. Hauhitaji intaneti ili uchezeke. Kazi ya kuuandika ni ya wiki kadhaa za jioni kwa mtu anayejua kuandika programu, na sehemu hiyo sitaigusa sana. Yanayowashangaza watu huja baada ya mchezo kukamilika.

Matumaini makubwa katika biashara hii yana chanzo kinachojulikana. Mwaka 2013 Dong Nguyen, mtengenezaji wa michezo wa Hanoi, Vietnam, alitoa mchezo mdogo wa ndege anayepita katikati ya mabomba, Flappy Bird. Ulikaa miezi mingi bila kuvuma, kisha Januari 2014 ukapanda hadi kileleni katika maduka ya programu ya nchi nyingi, na ikaripotiwa kwamba matangazo yake yalikuwa yakiingiza dola 50,000 kwa siku. Februari 2014 mwenyewe akauondoa. Habari hiyo ni ya kweli na bado inasimuliwa, lakini inahusu mchezo uliokuwa ukipakuliwa na mamilioni ya watu ndani ya wiki chache. Haimwambii lolote mtu ambaye mchezo wake utapakuliwa na watu 20 kwa siku, na hao 20, kama tutakavyoona, si haba.

Kwanza kuna lango la kuingilia. Akaunti ya mtengenezaji kwenye Google Play inagharimu dola 25, zinazolipwa mara moja tu. Apple wanatoza dola 99 kila mwaka, na kwa mchezo wa kwanza unaolenga Afrika Mashariki, ambako simu nyingi ni za Android, sioni sababu ya kuanzia huko. Akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 ina sharti jingine: kabla ya kuruhusiwa kuuweka mchezo hadharani, lazima uupitishe kwenye majaribio ya faragha ukiwa na watu wasiopungua 12 waliojiunga na kubaki humo siku 14 mfululizo. Zamani walitakiwa 20. Idadi ilipunguzwa Desemba 2024.

Hapa ndipo wengi wanakwama. Marafiki 12 wanakubali kwenye kundi la WhatsApp, 8 wanabonyeza kiungo, 3 wanatumia akaunti ya barua pepe tofauti na ile uliyoiandikisha, na siku ya tano mmoja anajitoa. Wakipungua chini ya 12, siku zako hazikamiliki. Dawa yake ni kualika watu 20 au 25 tangu mwanzo, kuomba kila mmoja akutumie picha ya skrini inayoonyesha kwamba amejiunga, na kuzitumia siku hizo 14 kurekebisha kasoro wanazokueleza. Baadaye Google watakuuliza kwa maandishi umejifunza nini katika majaribio na umebadilisha nini, na majibu matupu yanaweza kukurudisha nyuma. Wapo watu wanaouza huduma ya kukupatia wajaribu bandia. Uachane nao, kwa sababu watu wasioucheza mchezo hawatakwambia kwamba unakwama kwenye simu yenye kumbukumbu ndogo. Na kukwama kuna gharama: programu inayowazimikia zaidi ya asilimia 1.09 ya watumiaji wake wa kila siku, Google Play huipunguzia nafasi ya kuonekana dukani.

Tuseme amepita, na mchezo uko hadharani. Utapakuliwa mara ngapi? Huhitaji kubahatisha, maana duka lenyewe linatoa dalili kama unajua kuzisoma. Andika `drafti` kwenye sehemu ya kutafutia, kisha `dama`, kisha majina mengine ambayo watu wanauitia mchezo huu. Fungua ukurasa wa kila mshindani. Utaona kiwango cha upakuaji kama `1,000+` au `10,000+`, na ukishuka kwenye maelezo ya programu utaona tarehe ilipotolewa. Viwango hivyo vinaruka: baada ya `10,000+` kinachofuata ni `50,000+`. Kwa hiyo mchezo ulioandikwa `10,000+` na uliotoka miaka 4 iliyopita umepakuliwa mara kati ya 10,000 na 50,000. Gawanya kwa siku 1,460, unapata kati ya 7 na 34 kwa siku. Kisha angalia tarehe za maoni ya watumiaji. Kama mengi ni ya miaka miwili iliyopita, wengi walikuja zamani na leo mchezo unapata wachache kuliko wastani huo.

Ukifanya hivyo kwa washindani watano au sita, unaona soko lilivyo, na mchezo wako mpya hauna sababu ya kuwazidi wote katika mwaka wa kwanza. Mimi ningekadiria 20 kwa siku kwa mchezo uliotengenezwa vizuri, wenye jina linalotafutwa na maelezo ya Kiswahili. Jina lina nafasi ya herufi 30 tu na maelezo mafupi 80, kwa hiyo `Drafti` na `Dama` yote mawili yaingie kwenye jina. Jina la kubuni ambalo hakuna anayelijua haliwezi kutafutwa na mtu.

Wiki ya kwanza itakudanganya. Ndugu na marafiki watapakua, grafu itapanda hadi 60 au 80 kwa siku, kisha wiki ya pili itaanguka hadi 5. Mtengenezaji anadhani kuna kitu kimeharibika, anaanza kubadilisha jina na picha kila siku. Hakuna kilichoharibika. Hao watano ndio wa kwanza waliokuja kwa kutafuta wenyewe, na idadi yao ndiyo ya kufuatilia. Inapanda polepole, kwa miezi, kadiri maoni na alama za watumiaji zinavyojikusanya.

Sasa tuje kwenye jambo linaloamua mapato kuliko mengine yote. Kupakuliwa kwenyewe hakulipi. Kinacholipa ni mtu kuufungua mchezo na kuonyeshwa tangazo, na wengi wanaoupakua huufungua mara moja tu. Kwa mchezo mdogo wa kawaida, ukiona robo ya watu wanarudi kesho yake, takriban 7 au 8 kati ya 100 bado wapo baada ya wiki, na 3 baada ya mwezi, uko pale walipo wengi. Ukizijumlisha siku zote hizo kwa miezi mitatu, pamoja na siku ya kwanza, kila mtu aliyepakua anakuwa ameufungua mchezo kwa wastani wa siku 4 hivi. Kwa hiyo watu 20 wapya kwa siku, baada ya miezi mitatu, wanakupa wachezaji 80 kila siku. Kaunta ya duka itasema umeshapakuliwa mara 1,800, lakini wanaocheza leo ni 80. Takwimu hizi za kurudi utaziona kwenye Firebase, chombo cha bure cha Google kinachounganishwa na mchezo, na mimi ningezitazama kabla ya kutazama idadi ya upakuaji.

Turudi kwenye dola. AdMob wanaonyesha bei kwa jina la `eCPM`, yaani kiasi unachopata kwa kila matangazo 1,000 yaliyoonyeshwa. Bei hii inategemea nchi aliyopo anayetazama, aina ya tangazo, msimu, na watangazaji wangapi wanamgombania siku hiyo. Kwa mfano wetu tuweke bei ya chini inayofaa nchi zetu: senti 10 za dola kwa matangazo 1,000 ya bango dogo chini ya skrini, na senti 80 kwa matangazo 1,000 ya skrini nzima. Baada ya mwezi mmoja utakuwa na bei zako halisi, na utaziingiza mahali pa hizi.

Mchezaji mmoja anacheza dakika 8 kwa siku. Bango linabadilika kila dakika 1, kwa hiyo anaona mabango 8. Tangazo la skrini nzima linakuja baada ya kila michezo miwili kumalizika, kwa hiyo anaona kama moja na nusu kwa wastani. Sasa wachukue wachezaji 1,000 wa siku moja, au wachezaji 80 kwa siku 12 na nusu, ni mamoja. Mabango ni 8,000, yanaleta senti 80. Matangazo ya skrini nzima ni 1,500, yanaleta dola 1 na senti 20. Jumla ni dola 2.

Dola 100, basi, zinahitaji siku za uchezaji 50,000. Kila aliyepakua analeta siku 4, kwa hiyo unahitaji watu 12,500 waliopakua. Kwa watu 20 kwa siku, hiyo ni siku 625, zaidi ya mwaka mmoja na miezi minane. Kwa lugha nyingine, kila mtu aliyepakua amekuletea takriban shilingi moja ya Kenya, katika muda wote aliokuwa na mchezo kwenye simu yake. Nimeiandika hesabu yote kwa sababu naona uchungu mtu mwenye kipaji anapoacha baada ya miezi minne, akiamini ameshindwa, kumbe alikuwa palepale ambapo hesabu ilisema angekuwa.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha pia mahali pa kuweka nguvu. Wengi hukimbilia kutafuta watu zaidi, hata kwa kulipia matangazo ya mchezo wao. Mtu mmoja analeta chini ya senti moja ya dola. Ukimnunua kwa senti 5, unapoteza zaidi ya senti 4 kila anapopakua, na ukinunua wengi unapoteza zaidi. Kulipia upakuaji ni kwa wenye michezo ambayo mtu mmoja anaingiza fedha nyingi. Mchezo wa drafti wa bure si miongoni mwao.

Kinachosaidia zaidi ni kumfanya mtu arudi. Kwa drafti nadhani njia iko kwenye kanuni. Vijiwe vyetu havichezi kwa kanuni moja: wapo wanaoruhusu kingi aruke mbali na kusimama popote, wapo wanaomtaka asimame nyuma tu ya kete aliyoila, wapo wanaokubali kete ya kawaida ile kinyumenyume na wanaokataa katakata. Michezo mingi iliyoko dukani imetengenezwa na watu wa mbali, na mchezaji wa Tanga anapokuta kete yake inakataa kufanya alichokizoea miaka yote, anaufuta jioni ileile. Mpe ukurasa mmoja wa kuchagua kanuni za kijiwe chake. Weka ngazi tano za ugumu, ili anayefungwa leo awe na sababu ya kujaribu kesho, na uhakikishe ngazi ya chini kabisa inafungika. Ukifanikiwa kufikisha wastani siku 6 kutoka 4, hitaji la watu 12,500 linashuka hadi kama 8,300, bila kutafuta mtu hata mmoja zaidi.

Njia ya pili ni tangazo la zawadi, lile ambalo mchezaji anachagua mwenyewe kulitazama ili apate kitu. Katika drafti kitu hicho ni rahisi: kurudisha hatua aliyokosea. Tangazo la aina hii kwa kawaida lina bei nzuri kuliko mengine, na halimuudhi mtu kwa kuwa ameliomba. Tuseme mmoja kati ya watano analitazama mara moja kwa siku, na bei ni dola 2 kwa 1,000. Kila siku 1,000 za uchezaji zinaongezeka senti 40, zinakuwa dola 2 na senti 40. Ukiunganisha na siku 6 za kurudi, dola 100 sasa zinahitaji watu 7,000 hivi. Kwa walewale 20 kwa siku, ni siku 350.

Watu huuliza kuhusu Waswahili walioko Oman, Uingereza au Marekani. Ni kweli kwamba mchezaji aliyeko huko analeta bei kubwa zaidi, kwa sababu watangazaji wanalipia mahali alipo, si lugha anayoisoma. Wachache wa hao wakiupenda mchezo, utawaona kwenye mapato. Ila ni wachache, na kuwafikia kunahitaji majina ya mchezo yanayotafutwa huko, kwa hiyo ningeweka ukurasa wa duka kwa Kiingereza pia na kuishia hapo.

Kinachoweza kuivuruga hesabu hii yote ni mambo matatu. La kwanza na baya zaidi ni kubonyeza matangazo yako mwenyewe, au kuwaomba ndugu wabonyeze. Google wanayaita matumizi batili, na adhabu yake inaweza kuwa kufungiwa akaunti na fedha zilizomo kurudishwa kwa watangazaji. Hata wasiokusudia wananaswa wanapoujaribu mchezo kwenye simu zao. Ndiyo maana Google wametoa namba za majaribio. Wakati wa kutengeneza, faili ya `AndroidManifest.xml` iwe na hii:

```xml
<meta-data
    android:name="com.google.android.gms.ads.APPLICATION_ID"
    android:value="ca-app-pub-3940256099942544~3347511713"/>
```

Tangazo la skrini nzima nalo litumie namba ya majaribio `ca-app-pub-3940256099942544/1033173712`. Matangazo yatakayotokea yatakuwa na alama ya majaribio, na unaweza kuyabonyeza utakavyo. Namba zako halisi ziingie siku ya kutoa toleo la hadharani, na hata baada ya hapo simu yako iandikishwe kwenye AdMob kama simu ya majaribio.

La pili ni mahali pa kuweka tangazo. Bango likigusana na kitufe cha kuanza mchezo mpya, vidole vitalibonyeza kwa bahati mbaya, na kwa Google hiyo inafanana na udanganyifu. Acha nafasi inayoonekana kati yao. Tangazo la skrini nzima lije mchezo ukishaisha na matokeo yameonyeshwa. Likitokea ghafla mtu anapobonyeza kuanza, au anapofungua programu kabla hajafanya lolote, linavunja kanuni za Google Play na mchezo unaweza kuondolewa dukani.

La tatu halina hatari lakini linatia wasiwasi: matangazo hayatokei. Ripoti ya AdMob inatenganisha maombi ya tangazo na yale yaliyojibiwa. Kama maombi ni mengi na majibu ni kidogo sana wiki za mwanzo, mara nyingi ni kwa sababu programu bado haijathibitishwa. Wanataka faili ndogo iitwayo `app-ads.txt` kwenye tovuti uliyoiandika kwenye ukurasa wako wa duka. Ina mstari mmoja, na namba ya katikati ni yako:

```
google.com, pub-0000000000000000, DIRECT, f08c47fec0942fa0
```

Faili ikikaa mahali pake na majibu yakabaki kidogo, basi siku hiyo hakuna mtangazaji aliyetaka nafasi hiyo. Hali hiyo hutokea katika masoko yetu, na hakuna la kurekebisha kwenye programu.

Salio likifika dola 10, Google wanatuma barua ya posta yenye namba ya siri, kuthibitisha kwamba anwani yako ni ya kweli. Kwetu, ambako barua nyingi hufika kwenye sanduku la posta na si nyumbani, hatua hii inahitaji kufikiriwa siku ya kufungua akaunti. Andika S.L.P. ambayo kweli mtu anaifungua, ya kazini au ya shule kama huna yako, na jina lililo kwenye akaunti liwe lile ambalo mwenye sanduku atalitambua. Barua huchukua wiki mbili hadi nne, na wakati mwingine zaidi. Ikipotea unaweza kuomba nyingine, lakini miezi minne ikipita bila uthibitisho, matangazo yanasimamishwa. Kwa mchezo wetu dola 10 zinafika kama mwezi wa pili au wa tatu, wakati ambao mtengenezaji ameshaisahau anwani aliyoandika.

Zikishafika 100, malipo hutoka mwezi unaofuata, kati ya tarehe 21 na 26, kwa uhamisho wa kimataifa hadi benki yako. Uliza benki mapema wanakata kiasi gani kupokea uhamisho wa nje, kwa sababu ada isiyobadilika inaumiza zaidi malipo madogo. Kama ni kubwa, AdMob wanakuruhusu kupandisha kiwango cha kulipwa, uchukue dola 200 au 300 kwa mkupuo na kukatwa mara moja.

Mwezi wa tatu ndio wa kuamua. Chukua idadi ya wanaocheza kwa siku, zidisha kwa mapato halisi ya mchezaji mmoja, uone mwaka mzima utaleta nini. Ikiwa watu wanarudi lakini wapya ni wachache, mchezo ni mzuri na soko lake ni dogo. Uache uendelee wenyewe, uufanyie matengenezo Google wanapobadilisha masharti kila mwaka, na kanuni ulizokwisha kuandika uzitumie kwa mchezo mwingine wa ubao. Ikiwa wapya wanakuja na hawarudi siku ya pili, rudi kwenye simu za wale wajaribu wako 12 na ukae pembeni ya mmoja wao akicheza, bila kumwelekeza.